Skrinshoti mbili, kiasi kimoja, tarehe tatu: nioanishe vipi na taarifa ya benki?

Nuru_Leja
Habari za kazi wakuu. Naomba mnisaidie kwa jambo ambalo limenikalia siku ya pili sasa.

Mteja wetu alikuwa na ankara mbili, namba 2291 na 2304, na kwa bahati mbaya zote ni 185,000 kila moja. Ijumaa tarehe 30 Mei 2025 alinitumia skrinshoti mbili za malipo kutoka benki yake ya mtandaoni. Nikaziingiza kwenye leja siku hiyo hiyo kama mapokezi mawili. Taarifa ya benki ya Juni ilipokuja, nikakuta mistari miwili ya 185,000, yote ya Jumatatu tarehe 2 Juni, na kumbukumbu namba zake hazifanani hata kidogo na zile za kwenye skrinshoti. Nikaona basi ni malipo mapya, nikaingiza tena.

Sasa leja inasema mteja amelipa 740,000 wakati anadaiwa 370,000. Mbaya zaidi, nilimtumia muhtasari wa akaunti yake, akaona ana ziada ya 370,000, na anaomba ikatwe kwenye ankara ijayo.

Skrinshoti A: 30/05/2025 10:15, Reference FT25150R7M2K, maelezo "ANK-2291".
Skrinshoti B: 30/05/2025 19:42, Reference FT25153B0Q9X, maelezo hayakujazwa.

Je, haya ni malipo mawili au manne? Na kama ni mawili, nifute yapi?

Tundu_la_Sindano
Dada, hizo skrinshoti ni za kughushi. Kumbukumbu namba zisipofanana na za benki, hapo hakuna malipo. Usitoe mzigo na umtafute huyo mtu haraka.

Nuru_Leja
Hapana kaka, pesa iliingia. Salio la benki lilipanda kwa 370,000 na nimelihakiki mwenyewe. Ninachotaka kujua ni mstari upi ni wa skrinshoti ipi, na kwa nini namba hazifanani.

Kifaru_wa_Namba
Hili ni jepesi. Kwanza, futa mapokezi yote mawili uliyoingiza kwa kutumia skrinshoti. Skrinshoti haiingizwi kwenye leja, kinachoingizwa ni mstari wa benki. Pili, tumia tarehe ya thamani, yaani Value Date, siku ambayo benki huanza kuihesabia pesa riba. Itumie kila mahali, kwenye leja na kwenye ankara, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe halisi ya pesa. Tatu, oanisha kwa kiasi na tarehe, ukiruhusu tofauti ya siku tatu mbele au nyuma. Mimi nimeweka kanuni hiyo kwenye mfumo wetu na inafanya kazi vizuri.

MzeeDaftari
Kifaru, la kwanza umesema sawa kabisa. La pili na la tatu tuyaangalie vizuri kabla Nuru hajaongeza kosa jingine juu ya la kwanza.

Chukua kanuni yako ya siku tatu uiweke kwenye kesi hii. Skrinshoti mbili za 185,000, zote za tarehe 30. Mistari miwili ya 185,000, yote ya tarehe 2. Kila skrinshoti inaweza kuolewa na mstari wowote. Mfumo utachagua tu unaotangulia kwenye orodha, na utakuambia kila kitu kimeoana. Hapo ndipo ankara ya 2304 inafungwa kwa pesa ya 2291, na mteja akija kuuliza miezi miwili baadaye hakuna anayeweza kueleza.

Nuru, kabla sijasema zaidi: hiyo taarifa unayosoma ni PDF au ni faili la data ulilopakua? Na je, ina safu ngapi za tarehe?

Nuru_Leja
Shikamoo mzee. Ni PDF, na ina safu moja tu ya tarehe, imeandikwa Date. Ila kwenye ukurasa wa benki kuna mahali pa kupakua faili la MT940. Sijawahi kulitumia.

MzeeDaftari
Marahaba. Lipakue, ulifungue kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, tafuta mistari inayoanza na `:61:` yenye 185000, uibandike hapa. Funika jina la mteja na namba ya akaunti.

MamaStakabadhi
Wakati tunasubiri, naomba niseme langu kwa sababu liliniumiza. Mwaka jana mnunuzi alinitumia skrinshoti safi kabisa: kiasi sahihi, jina langu sahihi, kumbukumbu namba ipo. Nikamruhusu achukue mzigo. Siku nne pesa haikuonekana. Nilipoirudia ile picha nikakuta chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa Scheduled. Yalikuwa malipo aliyoyapanga yatoke kesho yake, kisha akayafuta mwenyewe usiku ule. Picha haikuwa ya kughushi, ilionyesha kitu cha kweli ambacho hakijatokea bado.

Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachosoma kwenye skrinshoti si kiasi, ni hali ya malipo.

MzeeDaftari
Pole sana mama. Hata neno Successful lina mpaka wake. Mara nyingi linamaanisha benki ya mlipaji imelipokea agizo na kulikubali, yaani pesa imetoka au itatoka kwake. Halisemi chochote kuhusu akaunti ya anayelipwa, kwa sababu benki ile haiioni akaunti hiyo.

Nuru_Leja
Nimepata, mzee. Ni hii:

```
:61:2505300602C185000,00NTRFANK-2291//FT2515388Q0L
:61:2506020602C185000,00NTRFNONREF//FT25153B0K71
```

Naona namba tu. Hiyo 2505300602 ni nini?

MzeeDaftari
Hapo ndipo jibu lako lilipo, tuisome polepole.

Hizo ni tarehe mbili zilizobandikwa pamoja bila nafasi. Tarakimu sita za mwanzo, 250530, ni tarehe ya thamani: mwaka 25, mwezi 05, siku 30. Tarakimu nne zinazofuata, 0602, ni tarehe ambayo benki yako iliingiza mstari huo kwenye akaunti: mwezi 06, siku 02. Herufi C inaonyesha pesa imeingia. Baada ya kiasi kuna NTRF, aina ya muamala, yaani uhamisho. Halafu inakuja kumbukumbu iliyosafiri na malipo, na baada ya mikwaju miwili // ni namba ambayo benki yako yenyewe imeupa mstari huo.

Sasa linganisha mistari yako. Yote miwili imeingizwa tarehe 2 Juni, ndiyo maana PDF yenye safu moja ilikuonyesha siku moja. Lakini wa kwanza una thamani ya 30 Mei na wa pili una thamani ya 2 Juni. Na wa kwanza umebeba ANK-2291, maelezo yale yale ya Skrinshoti A. Wa pili umebeba NONREF, maana yake mlipaji hakuandika kumbukumbu yoyote. Skrinshoti B ndiyo ambayo maelezo hayakujazwa.

Kwa hiyo ni malipo mawili tu. A ni mstari wa kwanza, B ni wa pili.

Nuru_Leja
Subhanallah. Kwa hiyo kumbukumbu namba niliyokuwa naitafuta siku mbili nzima isingeonekana kamwe?

MzeeDaftari
Kwa malipo haya, isingeonekana. FT25150R7M2K ni namba ya benki ya mlipaji, imeizalisha kwa matumizi yake. Malipo yalipofika, benki yako nayo ikazalisha ya kwake, FT2515388Q0L. Zinafanana sura kwa sababu inaelekea benki zote mbili zinatumia mfumo wa aina moja, lakini ni namba za daftari mbili tofauti. Ukiitafuta namba ya benki moja kwenye taarifa ya benki nyingine unaweza kukesha.

Kinachokusudiwa kuvuka ni kile alichoandika mlipaji mwenyewe, na hapo ANK-2291 ilivuka salama. Namba ya benki ya mlipaji usiitupe hata hivyo. Siku malipo yanapopotea njiani, benki yake itaulizwa kwa namba hiyo.

Kifaru_wa_Namba
Mzee nakubali kuhusu mistari hii. Lakini A na B zote zilifanywa Ijumaa. Kwa nini moja ipate thamani ya Ijumaa na nyingine ya Jumatatu? Na kama A ina thamani ya Ijumaa, kwa nini iingizwe Jumatatu?

MzeeDaftari
Maswali mazuri, na skrinshoti zenyewe zina dokezo. Tazama tena namba za FT. Kwenye baadhi ya mifumo ya benki, tarakimu zinazofuata herufi FT ni mwaka na siku ya mwaka. 25150 ni mwaka 2025, siku ya 150. Hesabu: mpaka mwisho wa Aprili ni siku 120, ongeza 30, unafika 30 Mei. 25153 ni siku ya 153, yaani 2 Juni.

Skrinshoti B inasema 30/05/2025 19:42, saa moja na dakika 42 usiku, lakini namba yake ni ya siku ya 153. Yaani mlipaji alibonyeza Ijumaa usiku, wakati mfumo wa benki yake ulikuwa umeshafunga siku na kuhamia siku ya kazi inayofuata. Tarehe iliyo mbele ya macho ni ya kubonyeza kwake. Kwa vitabu vya benki, malipo yale yalizaliwa Jumatatu.

Nisisitize kwamba hilo ni dokezo. Benki nyingine hutoa namba isiyo na tarehe ndani, kwa hiyo usiijengee kanuni. Hapa linakubaliana na tarehe ya thamani kwenye `:61:`, ndiyo maana naliamini.

Kuhusu A, mimi nadhani ilifika Ijumaa na ikazuiwa kitu fulani kikaguliwe kwa mkono, kisha Jumatatu wakaiingiza kwa thamani ya siku iliyofika. Nuru, jina la mpokeaji kwenye skrinshoti A limeandikwaje?

Nuru_Leja
Mzee, umenishangaza. Kwenye A ameandika jina letu la zamani, tulilobadilisha mwaka jana. Kwenye B ameandika jipya.

MzeeDaftari
Basi inaelekea hiyo ndiyo sababu. Ukitaka uhakika, benki yako itakuambia ukiwatajia FT2515388Q0L.

Chaurembo
Naomba kuongeza kitu ambacho kilinitesa mimi. Benki ninayotumia haitoi namba zenye herufi, inatoa tarakimu tupu 18. Nilikuwa nazinakili kutoka kwenye skrinshoti naziweka Excel, kisha natafuta zinazofanana. Nikawa napata "malipo yaliyorudiwa" kila wiki, nikawasumbua wateja bure.

Kumbe Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inaziweka sifuri. Mifano miwili:

```
250530184477120963  ->  250530184477120000
250530184477120418  ->  250530184477120000
```

Malipo mawili tofauti, yakawa namba moja. Na ukishabonyeza Enter tarakimu zimepotea, kubadilisha muundo wa seli baadaye hakuzirudishi. Dawa ni kuifanya safu nzima iwe Text kabla ya kuandika. Hiyo hiyo inaokoa namba zinazoanza na sifuri.

Nuru_Leja
Asante sana Chaurembo, hilo naliandika.

Narudi kwa leja. Nimefuta mapokezi mawili ya skrinshoti. Yale mawili ya benki niyaweke tarehe gani? Kifaru alisema tarehe ya thamani. Je, A niirudishe 30 Mei?

MzeeDaftari
Mimi nisingeirudisha. Fikiria usuluhishi wako wa benki wa 31 Mei. Salio la taarifa siku hiyo halina ile 185,000, kwa sababu mstari uliingizwa tarehe 2. Ukiiweka A kwenye 30 Mei, leja ya benki itazidi taarifa kwa 185,000, na itabidi uieleze kama pesa iliyo njiani. Inaelezeka, ila umejitengenezea kazi. Kwa leja ya benki fuata tarehe ya kuingizwa.

Tarehe ya thamani ina kazi yake nyingine. Benki huhesabu riba kuanzia siku hiyo. Kama mlikuwa na salio hasi Ijumaa ile, ile 185,000 ya A inapaswa kupunguza riba ya siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, ingawa mliiona Jumatatu. Hapo ndipo pa kuikagua benki.

Kifaru_wa_Namba
Naelewa upande wa benki. Lakini kwenye akaunti ya mteja? Ankara ya 2304 tarehe yake ya mwisho ilikuwa lini?

Nuru_Leja
Zote mbili 31 Mei. Na mkataba una tozo ya kuchelewa.

Kifaru_wa_Namba
Basi B imechelewa. Thamani yake ni 2 Juni.

MamaStakabadhi
Hapo sikubaliani. Mteja alilipa Ijumaa, picha ipo, na pesa ilikwisha toka mikononi mwake. 31 yenyewe ilikuwa Jumamosi. Utamtozaje mtu kwa sababu benki zimelala?

Kifaru_wa_Namba
Alibonyeza Ijumaa usiku, mama. Angebonyeza mchana ingefika. Na wewe mwenyewe umetueleza jinsi mtu anavyoweza kubonyeza kisha akafuta.

MamaStakabadhi
Yangu ilifutwa. Hii ilifika. Si kitu kimoja.

MzeeDaftari
Hilo haliamuliwi na skrinshoti wala na `:61:`. Ipo mikataba inayosema malipo yanahesabika siku mpokeaji anapoyapata, na ipo inayosema siku mlipaji anapotoa agizo. Nuru asome wake unasemaje kabla hajaandika tozo.

Nuru_Leja
Nimeusoma. Unasema "malipo yafanyike kabla ya au ifikapo tarehe ya mwisho." Basi, hausemi kufanyika ni nini. Nimempelekea bosi.

Tundu_la_Sindano
Nimesoma mpaka hapa, nakiri niliharakisha. Swali langu: nikipokea skrinshoti sasa, niandike nini, na wapi?

MzeeDaftari
Mimi huwaambia wanaofanya kazi hii wawe na daftari la pembeni, lisiloingia kwenye leja kabisa. Picha ikifika, andika ilivyo: siku uliyoipokea, tarehe ya muamala na saa kama zilivyo ndani ya risiti, hali ya malipo, kiasi, maelezo ya mlipaji neno kwa neno, na kumbukumbu namba ya benki yake. Kama picha inaonyesha Value Date, iandike kwenye safu yake. Kama haionyeshi, acha wazi. Nimeona wengi wakijaza safu hiyo kwa kunakili tarehe ya muamala ili pasiwe na pengo, na pengo lile lingekuwa la kweli kuliko walichoandika.

Pia usichukue saa iliyo juu kabisa ya kioo cha simu. Ile ni saa ya kupiga picha. Mtu anaweza kufungua leo risiti ya wiki iliyopita akaipiga picha.

Mstari wa benki ukifika, ndipo unajaza upande wa pili: tarehe ya kuingizwa, tarehe ya thamani, namba ya benki yako. Oanisha kwanza kwa maelezo ya mlipaji. Yasipokuwepo, angalia akaunti iliyotuma na kiasi, na tarehe ya thamani ikusaidie kuchagua. Vikigongana viwili vya kiasi kimoja kutoka kwa mlipaji mmoja, usikubali mfumo uamue, vitolewe vitazamwe na mtu. Leja inaandikwa baada ya hapo, mara moja.

Chaurembo
Mzee, na tarehe kama 03/04? Nina mteja ambaye benki yake inaanza na mwezi.

MzeeDaftari
Tafuta kwenye picha nyingine ya mteja huyo tarehe yenye siku inayozidi 12. Hiyo itakuambia benki yake inaanza na nini. Kisha kwenye daftari lako andika mwezi kwa jina.

Nuru_Leja
Narudisha majibu kama nilivyoahidi kwa mzee. Leja ya mteja sasa ina mapokezi mawili ya 2 Juni: FT2515388Q0L imefunga 2291 na FT25153B0K71 imefunga 2304. Ile ziada ya 370,000 imeondoka. Nimempigia mteja, nikamweleza kwamba kosa ni letu, nikamtumia muhtasari mpya wenye mistari miwili ya benki na chini yake namba za skrinshoti zake. Alizitambua zote mbili, akasema benki yake pia inamwonyesha B chini ya tarehe 2 Juni anapofungua historia ya akaunti, si 30 Mei.

Nimemwomba kuanzia sasa aandike namba ya ankara kwenye maelezo na atumie jina letu jipya. Benki yetu imethibitisha kuwa A ilisimamishwa kwa ajili ya jina.

Kuhusu tozo ya B bosi bado hajajibu. Yeye anaelekea upande wa Kifaru, mteja ameshika picha ya Ijumaa.